Kwa nini hatuanzi kwa kukuchua mgongo

Juzi mteja mmoja ametoka hapa kwenye kliniki yetu ya fiziotherapia Ngamiani kanuna. Amelipa pesa yake, kaulizwa maswali mengi, katembezwa chumbani huku na huku, na mgongo wenyewe haukuchuliwa. Lalamiko hili linajirudia, basi naeleza pesa ile inalipia nini.

Yeye ni fundi ujenzi. Alinyanyua mfuko wa saruji wa kilo 50, akageuka nao, kiuno kikakamata. Jamaa zake wakamkanyaga mgongo, maumivu yakazidi, akalala kitandani siku kadhaa. Alipofika kwetu alikuwa amekakamaa, na kilichomkakamaza zaidi ni kile kitanda.

Tulimtembeza kwa visigino, kisha kwa vidole, maana neva ya kiunoni ikibanwa, unyayo huweza kukosa nguvu kabla mwenyewe hajatambua. Tukapima nguvu ya kidole gumba cha mguu, tukagonga goti na nyuma ya kifundo kwa kinyundo, tukapitisha pamba kwenye ngozi ya miguu yote miwili. Akalala chali, tukauinua mguu wake ukiwa umenyooka. Maumivu yangeteremka chini ya goti, tungeshuku neva. Kwake yalibaki kiunoni, na nguvu zote zilikuwepo. Ndiyo maana hatukumtuma eksirei: haionyeshi misuli wala neva, na angelipa bure.

Kiuno cha namna hiyo kwa watu wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache, mradi kisilazwe. Tulimwambia atembee kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, hata kikiuma kiasi, na arudie kazi nyepesi mapema. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa khanga aiweke kiunoni kama robo saa. Usiku alale ubavu, mto katikati ya magoti. Ibuprofeni kwa siku chache husaidia, ila mwenye vidonda vya tumbo, figo, presha au mjamzito asiimeze bila kumuuliza daktari.

Yale maswali ya haja ndogo na kubwa, ambayo wengine huyaona ya aibu, hatuyaachi kamwe. Mama mmoja alikuja akitaka kuchuliwa tu. Alipoulizwa, akasema tangu asubuhi mkojo unakataa kutoka, na akikalia kiti hahisi vizuri sehemu za siri. Hatukumgusa mgongo; tulimpandisha bajaji kwenda hospitali ya Bombo saa ile ile. Ganzi ya makalio na sehemu za siri, mkojo kuziba au kutoka bila kujua, choo kutozuilika, miguu yote miwili kulegea: hapo neva za chini ya uti huenda zimebanwa, na zikichelewa kufunguliwa kwa upasuaji huenda zisirudi. Unyayo mmoja ukianza kuburuzika, nao uonwe na daktari siku hiyo hiyo.

Kuchua tunachua, baada ya vipimo hivyo, kwa anayehitaji kuchuliwa. Bei yetu ya siku ya kwanza hatuipunguzi kwa anayeomba vipimo virukwe.