Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mauzo Yanayorudi Nyumbani

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama mtazisikia kwa mweka hazina, na ratiba ya mafunzo ya mwaka ujao imo kwenye taarifa ya katibu, kwa hiyo huko sitapita. Nafasi yangu nitaitumia kwa jambo moja ambalo kamati ya ufundi ililijadili mwaka huu kuliko mengine yote: mtu anauza bidhaa, na siku hiyohiyo anaahidi kuzinunua tena. Je, ameuza?

Kisheria, mara nyingi jibu ni ndiyo. Hati ya mauzo ipo, ankara ipo, fedha zimeingia benki, na umiliki umehamia kwa mnunuzi. Ndiyo maana wenzetu wengi wanaandika mapato na kufunga jalada. Lakini kanuni yetu inatutaka tuandike kiini cha muamala, si umbo lake. Kanuni hii ilitajwa waziwazi katika mfumo wa dhana wa kimataifa wa 1989, ikaondolewa kama kipengele cha pekee mwaka 2010 kwa hoja kwamba imo tayari ndani ya uwakilishi wa kweli, kisha toleo la 2018 likaitaja tena kwa jina. Binafsi nafurahi kwamba ilirudishwa. Jambo lisilotajwa hufanywa kama halipo.

Kamati ilitunga mfano, nami nauleta hapa kama ulivyo. Tarakimu zote ni mamilioni, kwa sarafu yoyote unayoipenda.

Kampuni ina mbao ngumu zilizokwisha kukaushwa, tayari kwa soko. Zimeigharimu 60, na wanunuzi wa kawaida wangezichukua kwa 140, ila wananunua polepole na kampuni inahitaji fedha sasa. Tarehe 1 Januari inaziuza zote kwa taasisi ya fedha kwa 100. Mkataba unasema kwamba baada ya miaka miwili kamili kampuni itazinunua tena kwa 121. Katika muda huo mbao hazisogei: zinabaki kwenye ghala la kampuni, na bima inalipwa na kampuni.

Msome mkataba huo polepole. Kwanza, nani huuza mali ya 140 kwa 100 bila kulazimishwa? Pili, hiyo 121 imetoka wapi? Haikutoka kwenye bei ya mbao, kwa sababu hakuna anayeijua bei ya mbao ya miaka miwili ijayo. Chukua 100, ongeza asilimia 10 unapata 110, ongeza asilimia 10 tena unapata 121. Bei ya kurudishia inafuata kalenda, haifuati soko. Tatu, mbao zikiungua, anayehangaika ni kampuni, na zikipanda bei, anayefurahi ni kampuni hiyohiyo. Taasisi ya fedha haina la kupata wala la kupoteza kwenye mbao zenyewe. Inachosubiri ni 121 yake. Hii ni rehani iliyovalishwa kanzu ya mauzo.

Kiwango cha kimataifa namba 15, kinachohusu mapato yanayotokana na mikataba na wateja na kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, kinafika hapohapo kwa njia ya udhibiti. Muuzaji akiwa na wajibu wa kununua tena, au hata haki tu ya kufanya hivyo, mnunuzi hajapata udhibiti wa mali, maana hawezi kuitumia wala kuiuza apendavyo huku akijua kwamba itadaiwa. Bei ya kurudishia ikiwa sawa na ya awali au zaidi, kama hapa, ni mkopo. Ikiwa chini ya ile ya awali, kwa kawaida ni upangishaji, kwa sababu mnunuzi amelipia kuitumia mali kwa muda. Kulinganisha bei hizo mbili kunafanywa kwa kuzingatia thamani ya fedha kwa wakati, jambo ambalo baadhi yetu hulisahau.

Basi tarehe 1 Januari kampuni inadebiti benki 100 na kukrediti deni 100. Mbao zinabaki kwenye mizania kwa 60. Mwisho wa mwaka wa kwanza inaandika riba 10 na deni linakuwa 110, mwaka wa pili riba 11 na deni linakuwa 121, kisha linalipwa. Mauzo hayapo mpaka mbao zipate mnunuzi wa kweli. Tuseme mwaka wa tatu zinauzwa kwa 150: hapo faida ghafi ni 90.

Aliyeandika mauzo siku ya kwanza anaonyesha faida ya 40 mwaka wa kwanza, hana riba wala deni, kisha anazirudisha mbao ghalani kwa 121, na mwaka wa tatu anapata faida ya 29. Jumlisha: 40 na 29 ni 69. Kwa njia sahihi, 90 toa riba 21 ni 69 pia. Kwa miaka yote mitatu jumla haitofautiani hata kidogo, na hoja hii tumeisikia ikitolewa kama utetezi. Mimi naiona kama shitaka. Mwenye benki anayesoma hesabu za mwaka wa kwanza anaona faida ya 40 na deni sifuri, mahali ambapo ukweli ni hasara ya 10 na deni la 110. Uamuzi wake anaufanya mwaka huo, hasubiri miaka mitatu. Tena mauzo ya jumla yanasomeka 250 kwa mbao ambazo zimemfikia mteja mara moja tu, kwa 150.

Mambo mawili yalileta ubishi. La kwanza ni ahadi inayoshikwa na mnunuzi, yaani yeye ndiye mwenye haki ya kumrudishia muuzaji mali. Hapo udhibiti hauamuliwi moja kwa moja. Tunauliza kama, siku ya kusaini, mnunuzi ana kishawishi kikubwa cha kiuchumi cha kurudisha. Bei ya kurudishia ikizidi sana thamani ya soko inayotarajiwa, atarudisha, na tunaandika kwa msingi huo. La pili ni muuzaji anayeamua baadaye, bila makubaliano ya awali, kununua tena alichouza. Hayo yalikuwa mauzo, na yanabaki mauzo.

Ugumu mkubwa wa kazini ni kwamba ahadi haiandikwi kwenye hati ya mauzo. Inakaa kwenye barua ya pembeni. Kwa hiyo mkaguzi aanze na bidhaa: zilizouzwa mwishoni mwa mwaka, ziko wapi leo? Aangalie malipo yaliyotoka kwenda kwa wateja baada ya mwaka kufungwa. Na barua ya uthibitisho kwa mnunuzi isiulize salio peke yake. Iulize masharti yote ya mauzo, yakiwemo ya mdomo. Anayedaiwa salio sifuri atathibitisha sifuri kwa moyo mweupe.

Kamati itaendelea kupokea mikataba ya aina hii mwaka ujao. Tafadhali ondoeni majina ya wateja kabla ya kutuma, na muambatanishe kila barua inayohusiana na mkataba, hata ile mliyoambiwa haina uzito.

Mwenyekiti