Mkia wa mshale mfupi

Habari za jioni wazazi wenzangu. Kwenye saa za boksi tunazokata kesho, mshale mfupi uacheni na mkia upande wa pili wa pini. Saa moja asubuhi ncha iko kwenye 7 na mkia kwenye 1, basi mtoto asome mkia. Bila mkia wengi husema "saa saba".

Kabla ya kusogeza mishale, mtoto apange kwa mfuatano kadi za shughuli za siku: kuamka, baba kurudi kutoka ziwani, uji, kengele ya shule, kuanua dagaa jioni. Kadi ya kengele, saa moja na nusu, ndiyo huwatega: mshale mrefu wanaupeleka 6, mfupi wanauacha palepale kwenye 7. Mwambieni ausogeze katikati ya 7 na 8, kwa kuwa nusu saa imeshapita.