Kwa mdogo wangu anayesema "Ich mag trinken Tee"

Mdogo wangu,

Marahaba. Voisi zako zote tatu nimezisikiliza, ya mwisho nimeirudia mara mbili nikiwa kwenye treni natoka zamu ya usiku. Najibu hapa hadharani kwa sababu wenzako wa darasani Tanga nao wananiuliza yale yale, na mimi siwezi kuandika barua sita.

Nimesikia mambo mawili. La kwanza, kila unapotaka kusema unapenda kitu, unakimbilia "ich mag". La pili, mwenzako akipendekeza lolote, wewe ni "ja, ja, gut". Mwezi ujao una mtihani wa Kijerumani wa Goethe, ngazi ya B1, na sehemu ya kwanza ya kuongea ni dakika kama tatu za wawili kupanga jambo pamoja. Ukienda na "ja, ja, gut", mwenzako atakuwa amepanga peke yake na wewe umemsindikiza.

Nianze na hilo la "mag". Kwetu kupenda ni kitenzi. Napenda kunywa chai, napenda kusoma, napenda kulala. Kupenda kunatangulia, kazi yenyewe inafuata. Mjerumani hafanyi hivyo. Yeye anaitaja kazi kwanza, kisha anaipachika neno dogo pembeni: "Ich trinke gern Tee." Yaani nakunywa chai, na nainywa kwa kupenda. "Gern" si kitenzi, wala haibadiliki kwa mimi, wewe au wao. "Wir tanzen gern", "sie kocht gern", neno ni lile lile. Utasikia wengine wanasema "gerne". Usihangaike, ni hiyo hiyo.

"Mag" ibakize kwa kitu chenyewe, bila kazi: "Ich mag Tee", "ich mag meine Lehrerin". Ukishataja kazi, "mag" iweke kando. Jizoeze hivi: kabla hujafungua mdomo jiulize, hicho ninachokipenda nakifanyaje? Kwa Kiswahili ukisema "napenda samaki" tunakuelewa, kwa sababu hakuna anayedhani unapenda kuwatazama. Kwa Kijerumani sema "ich esse gern Fisch" na kitenzi kitafanya kazi yake. Ukikataa, "nicht" inakaa mbele ya "gern": "Ich trinke nicht gern Kaffee." Na ukitaka kukataa kistaarabu, chomeka "so": "nicht so gern". Hapo umesema hupendi, ila hujamkunjia mtu uso.

Sasa njoo kwenye "lieber", maana hapa ndipo ulipokosea kwenye voisi ya pili. Ulisema "mehr gern". Hakuna kitu kama hicho. Ngazi yake ni gern, lieber, am liebsten, na hailingani na maneno mengine, ndiyo maana inakubidi uikariri tu. Lakini usiikariri kama "napenda zaidi". Ikariri kama "afadhali". Mtu akikuambia twende Jumamosi nawe ukajibu "afadhali Jumapili", hujasema "sitaki", hujasema "nakataa", na bado amejua Jumamosi haikufai. "Lieber" ni hivyo hivyo: "Lieber am Sonntag." Kwa sentensi nzima, "ich komme lieber am Sonntag". Na ukitaka ilainike zaidi, "ich würde lieber am Sonntag kommen".

Unapolinganisha, "kuliko" yetu ndiyo "als" yao: "Ich trinke lieber Tee als Kaffee." Wanayo hata methali: "Lieber den Spatz in der Hand als die Taube auf dem Dach", afadhali shomoro mkononi kuliko njiwa aliye juu ya paa. Nenda nayo hiyo kichwani na "als" hutaisahau.

Kuna mtego mmoja. "Lieber" inamhusu mtu anayechagua, siyo ubora wa kitu. Huwezi kusema "Sonntag ist lieber" ukaishia hapo. Ama useme "Sonntag ist besser", ama umtaje anayependelea: "Sonntag ist mir lieber."

"Am liebsten" ni kilele, pale ambapo vyote vimewekwa mezani na kimoja kimeshinda. Vikiwa viwili tu, "lieber" inatosha. Na ukiianza sentensi nayo, jambo ambalo Wajerumani hulifanya sana, kitenzi kinabaki nafasi ya pili na mtendaji anarudi nyuma yake: "Am liebsten trinke ich Tee." Wewe ulisema "am liebsten ich trinke". Kosa hili nililifanya mwaka mzima. Ni lile lile utakalolifanya na "meiner Meinung nach", yaani kwa maoni yangu: kinachofuata ni kitenzi, siyo "ich" wala "der Bus". "Meiner Meinung nach ist der Bus zu langsam." Mwalimu wako akikuandikia "Verb!" pembeni kwa kalamu nyekundu, anazungumzia hilo.

Kwa maoni, mimi ningekushauri ujifunze "ich finde", yaani naona, na uiache mingine kwanza. Ina sura mbili. "Ich finde, der Bus ist zu langsam", hapo kitenzi kiko mahali pake pa kawaida. Au "Ich finde, dass der Bus zu langsam ist", hapo "dass" imekisukuma kitenzi hadi mwisho. Zote sahihi. Ukihisi ulimi unagoma, chukua ya kwanza. Sentensi fupi iliyosimama ni afadhali kuliko ndefu iliyoanguka.

Tuchukue swali moja tulifanye. Mwanafunzi mwenzenu amelazwa hospitali, mnapanga kumtembelea: lini, kwa usafiri gani, mtampelekea nini. Mwenzako anaanza.

"Wollen wir ihn am Samstag besuchen?"
"Am Samstag kann ich leider nicht, da muss ich arbeiten. Ich würde lieber am Sonntag fahren."
"Gut, dann am Sonntag. Nehmen wir den Bus?"
"Ich fahre nicht so gern mit dem Bus. Nehmen wir lieber die Bahn?"
"Ich finde, der Bus ist billiger."
"Das stimmt, aber sonntags fährt er nur einmal pro Stunde."
"Da hast du recht. Dann nehmen wir die Bahn. Und was bringen wir mit? Blumen?"
"Blumen sind schön, aber er liest so gern. Am liebsten würde ich ihm ein Buch schenken."
"Einverstanden!"

Angalia huyo wa pili. Amepinga mara tatu na hakuna "nein" hata moja. Jumamosi ameipinga kwa sababu na "lieber". Basi amelipinga kwa "nicht so gern", na alipojibiwa kuhusu bei hakung'ang'ana. Alikubali kwanza, "das stimmt", ndipo akaleta "aber" yake. Maua ameyasifu kabla ya kuyaacha. Hivyo ndivyo mama anavyokataa mwaliko wa harusi pale nyumbani, kwa hiyo hiki kipaji unacho tayari, kinahitaji maneno tu.

Angalia na mwenzake. "Da hast du recht" ni una haki, kwa "haben". Ukisema "du bist recht" watakuelewa kwa huruma. Na "einverstanden" ni kuridhia mpango: sawa, tufanye hivyo. Mtu akitoa maoni tu, kwa mfano kwamba simu zipigwe marufuku shuleni, hapo "einverstanden" haikai vizuri. Sema "das sehe ich auch so", au "das sehe ich anders" kama hukubaliani. Hiyo ya mwisho mwanzoni niliiona kali. Kwenye kikao cha kazini kwangu, nyumba ya wazee, mwenzangu aliniambia "das sehe ich anders" mbele ya watu, nikarudi nyumbani nimenuna. Kesho yake kaniletea keki. Kumbe alikuwa anazungumzia ratiba, mimi nikadhani ananizungumzia mimi.

Keki hiyo hiyo ikanifunza lingine. Nilipomaliza kipande cha kwanza akaniuliza "Möchtest du noch ein Stück?" Nikajibu "Danke", nikitabasamu, sahani nimeinyoosha. Akaifunika keki. Ukikaribishwa kitu halafu ukajibu "danke" tupu, mara nyingi wanasikia hapana, kama sisi tunavyosema "asante, nimeshiba". Ukitaka, jibu ni "ja, gern". Ni "gern" ile ile, peke yake, na keki inakuja.

La mwisho ni "doch", kwa sababu hili litakuangusha katikati ya mazungumzo mazuri. Sisi tukiulizwa "hujala?" tunajibu "eee, sijala", maana tunakubaliana na maneno ya muulizaji. Mjerumani haangalii maneno ya muulizaji, anaangalia ukweli ukoje. "Trinkst du nicht gern Kaffee?" Kama kweli hupendi, jibu ni "nein". Kama unapenda, jibu si "ja", ni "doch": "Doch, ich trinke gern Kaffee!" Ukijibu "ja" tupu kwa swali la kukanusha, atakukodolea macho akisubiri umalizie, kwa sababu hajui umeangukia upande gani. Na mwenzako akisema yeye hapendi kahawa, na wewe hupendi, usiseme "ich auch". Sema "ich auch nicht". Akisema "die Idee gefällt mir", mwitikie "mir auch", siyo "ich auch". Sikiliza neno alilotumia, umrudishie lile lile.

Mtafute yule rafiki yako wa Chumbageni mkae jioni mpange mambo: sherehe ya kumuaga mwalimu, safari ya Pangani, chochote. Dakika tatu kwa saa ya simu, bila kusoma karatasi. Kila mmoja apinge angalau mara mbili, na atakayesema "ja, ja, gut" anunue mishikaki.

Jumapili nikitoka kazini nitakupigia. Swali langu la kwanza litakuwa "Hast du nicht geübt?", yaani hujafanya mazoezi? Nategemea neno moja. Nikisikia "ja", nakata simu.

Dada yako