Orodha ya nafasi darasani

Mhariri,

Naandika kuhusu mjadala wa kubandika ukutani orodha ya nafasi za wanafunzi katika mitihani. Aliyezoea orodha hiyo akirudishiwa karatasi huuliza, "Nimekuwa wa ngapi?" Hesabu ya sehemu ikimshinda huiruka, wala hanyooshi mkono, asije akaonekana mjinga. Anayesoma ili aelewe hung'ang'ana nayo.

Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alionyesha kwamba wanafunzi waliopewa maoni tu ya mwalimu walidumisha hamu ya kujifunza. Alama zilipoambatanishwa na maoni hayo, faida ilipotea.

Hivyo walimu warudishe karatasi zikiwa na maoni, mwanafunzi asahihishe makosa kwanza, ndipo apewe alama zake faraghani. Wazazi wanaodai nafasi (nao ni wengi) waonyeshwe daftari la masahihisho.

Msomaji wenu