Azimio la kazi jiografia, kikao Jumamosi

Salaam walimu wangu, hamjambo. Jumamosi saa 3 asubuhi tukutane Ngamiani palepale, tumalize azimio la kazi la kidato cha tatu. Mchango 3,000 wa kutoa kopi za ramani na chai.

Naomba tubadilishe mpangilio wa usomaji ramani. Muhula uliopita nilifundisha mwinuko wiki ya pili, skeli bado haijakaa, wakaanguka vibaya. Ramani ya 1:50,000, sm 4 ni km 2, tofauti ya kimo mita 100, wao wanaandika 100 kwa 2 wanapata 1:50 wakati km 2 ni mita 2,000 kwahiyo jibu ni 1:20.

Napendekeza:
1. Wiki 1-2 skeli tu, wapime barabara iliyopinda kwa uzi
2. Wiki 3 jaribio fupi, wasiojua kubadili vipimo tuwarudie kwanza
3. Wiki 4-5 kontua, halafu mwinuko
4. Wiki 6 Raskazoni, maji yakiwa yametoka, kwahiyo tarehe tuipange kwa bamvua

Kila mtu aje na maswali mawili ya jaribio. Nijibuni "nipo" au "sipo" kabla ya Alhamisi jioni jamani, nijue kopi ngapi.