Barua kwa Baraka: mpwa wako aanze na Kiswahili kipi

Kiboriloni, Moshi

Mpendwa rafiki yangu Baraka,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Nyumbani wote ni wazima, na mama anakuulizia kila anapoona basi la Arusha likisimama barabarani. Barua yako niliipata juma lililopita nikaisoma mara mbili, kwa kuwa swali lako si la kujibiwa kwa simu kati ya maneno mengine.

Unasema mpwa wako aliyekulia Nairobi sasa anaishi nawe hapo Sakina, na kwamba shuleni ameambiwa hajui Kiswahili, ilhali amekizungumza tangu alipoanza kutamka. Unataka kujua kama umtilie mkazo Kiswahili sanifu tangu sasa, au umwache kwanza azoee usemi wa machalii wa mtaani ili asichekwe, cha vitabuni kije baadaye. Kwa maoni yangu aanze na sanifu. Lakini asianze nacho chote kwa pamoja, wala sababu yangu si ile unayoisikia kila mara, kwamba usemi mwingine ni Kiswahili kibovu.

Sababu hiyo mimi siikubali. Sanifu yenyewe ilitokana na lahaja moja miongoni mwa nyingi. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, ilichaguliwa lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa lugha ya vitabu na shule kwa nchi hizi zetu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuisimamia. Laiti ingechaguliwa Kimvita, leo mtoto angefundishwa kuandika “ndia” badala ya “njia” na “mato” badala ya “macho”, na sisi wa bara tungeona ndivyo inavyopasa. Tena lahaja hizo za pwani, pamoja na Kipemba, Kimtang’ata na Kiamu, zina wenyewe waliozirithi kwa wazee wao, zikiwa na kanuni zake kamili. Usemi anaokuja nao mpwa wako na ule anaoukuta Arusha ni jambo tofauti: ni Kiswahili kilichoenea bara kwa watu wenye lugha zao nyingine, kila mji ukakikata na kukishona kwa namna yake. Kwa hiyo usimwambie kijana kwamba anasema lahaja, wala usimwambie kwamba anaharibu lugha.

Sababu yangu ni kwamba usemi wa mtaani atauokota bila mwalimu. Mpeleke uwanjani jioni, mwagize soko la Kilombero siku ya Jumamosi, na kabla muhula haujaisha atakuwa anasema kama wenzake. Sanifu haiokotwi hivyo, kwa sababu hakuna mtaa inakozungumzwa kikamilifu. Hupatikana katika kusoma, kusikiliza taarifa ya habari na kuandika mbele ya mtu anayesahihisha. Iko pia sababu ya pili, nayo kwangu ndiyo nzito zaidi: kutoka umbo refu kwenda fupi kuna njia, lakini kutoka fupi kurudi refu mara nyingi hakuna. Anayejua “nimekwisha kula” ataelewa “nimeshakula” na hata “nishakula” siku ya kwanza atakapozisikia, na anayejua “nitakuja” hatapotea akisikia “ntakuja”. Aliyejifunza “nishakula” peke yake hana pa kuanzia kujua kwamba ndani yake mna kitenzi “kwisha”.

Sasa nianze na kitu cha kwanza cha kumfundisha, nacho ni upatanisho wa ngeli. Hapo ndipo Kiswahili cha Nairobi kimepunguza zaidi kuliko cha kwetu. Bila shaka umemsikia akisema, “Hii kitabu yangu iko wapi?” Mtoto wa Arusha aliyezaliwa Ngarenaro, hata awe mzembe namna gani darasani, atasema, “Kitabu changu kiko wapi?” Kwa hiyo katika ki- na vi- wenzake wa mtaani watakusaidia, hawatamharibia. Lakini usimwambie tu kwamba “kitabu iko” ni kosa. Mwoneshe kazi inayofanywa na viambishi hivyo, ndipo atakapoviona kuwa na faida.

Jaribu hivi. Mwambie, “Niletee kikapu cha ndizi kilichobaki sokoni.” Kisha mwambie, “Niletee kikapu cha ndizi zilizobaki sokoni.” Maneno ni yale yale na mpangilio ni ule ule, lakini katika agizo la kwanza kilichobaki ni kikapu, na katika la pili zilizobaki ni ndizi ambazo hazikununuliwa. Muulize angesemaje kwa usemi wake. Atakwambia, “Niletee kikapu ya ndizi yenye imebaki soko,” na hapo hajulikani anayesema anataka kipi, kwa kuwa “yenye” inabeba kila ngeli. Watu wakiwa wamesimama pamoja sokoni, kidole na macho humaliza utata huo. Katika maandishi hakuna kidole. Sentensi ndefu ya Kiswahili, yenye virejeshi viwili au vitatu ndani yake, inasimama kwa nguvu ya upatanisho tu, na ndiyo maana kijana anayeongea bila shida kabisa huzama anapopewa aya ya ufahamu yenye sentensi za aina hiyo. Kabla ya msamiati mgumu na kabla ya methali, jenga hapo. Ikiwa anasoma aya na kuweza kukuonesha, kwa kila “kilicho” na “zilizo”, ni nomino ipi inayorejelewa, basi amefika. Ikiwa anakisia kwa nomino iliyo karibu zaidi, bado.

Jambo la pili nakuomba ulicheleweshe, ingawa najua ndilo linalokukera zaidi. Umeandika kwamba anasema “huwa nachezanga”, na kwamba rafiki zake wa Sakina wamemfundisha “nachezaga”, ukaniuliza ni lipi lililo baya zaidi. Kusema kweli ni jambo moja lililovuka Namanga na kubadilisha sauti kidogo. Lugha nyingi za Kibantu za bara zina kiambishi cha namna hiyo mwishoni mwa kitenzi, cha kuonesha tendo la mazoea. Kikikuyu kinacho, Kisukuma kinacho. Kiswahili cha pwani hakikushika njia hiyo, kikatumia hu- mwanzoni: “Mimi hucheza mpira jioni.” Watu wa bara walipokipokea Kiswahili walikirudishia kile walichokizoea katika lugha zao.

Tena hawakukirudisha bila sababu. Kiambishi hu- kina mipaka ambayo sisi walimu hatupendi kuitaja. Hakichukui nafsi, kwa hiyo ni lazima mtendaji atajwe au ajulikane. Hakikanushwi: sanifu itasema “Hachezi Jumapili”, umbo ambalo laweza pia kuwa la mtu asiyecheza Jumapili hii tu, wakati kijana wa mtaani akisema “Hachezagi Jumapili” hakuna anayeuliza tena. Wala hu- haiendi wakati uliopita. Hapo sanifu inakwenda kwa “alikuwa akicheza”, na mtaa unasema “alikuwaga anacheza”. Ukimkataza kijana kiambishi hicho bila kumpa vitatu vya kukaa mahali pake, yaani “hucheza”, “hachezi” na “alikuwa akicheza”, utamwacha na pengo, naye atalijaza kwa kubahatisha. Nimesahihisha insha nyingi ambamo mwandishi amelazimishwa kutumia hu- akaandika “anahucheza”, umbo lisilosemwa na yeyote, si pwani wala bara.

Kuna na mtego mwingine hapo. “Wewe hupenda uji” na “wewe hupendi uji” zinatofautiana kwa irabu moja tu ya mwisho, na maana zake zinapingana. “Huenda” nayo, mbali na mazoea, ina maana ya labda: “Huenda mjomba atakuja kesho.” Mtoto ambaye bado hajaimarika katika ukanushi atayachanganya haya yote. Ndiyo sababu nasema hu- isubiri hadi ukanushi wa kawaida uwe imara, na kwa wakati huu umwache aseme “nachezaga” uwanjani na mezani. Katika daftari aandike “huwa ninacheza”, ambayo haimgombanishi na mwalimu wala haimfungi ulimi.

La tatu ni la tahajia, nami nitalipita upesi kwa kuwa dawa yake ni moja tu. Huku kwetu watu wengi hawatamki h mwanzoni mwa neno, wanasema “ata” na “apo”, kisha wakishika kalamu wanaogopa, wanaiweka hata isipotakiwa: “hacha”, “hasante”. Sikio halitamsaidia kutenganisha “aya” na “haya” ikiwa wanaomzunguka wanayatamka sawa, kama lisivyomsaidia anayesikia “mahari” na “mahali” kwa watu wanaochanganya r na l. Hapa sanifu haina mshindani, na lazima ipite kwenye jicho: asome kwa sauti kila siku ukurasa mmoja wa kitabu chochote kilichohaririwa vizuri, nawe ukae karibu ukisikiliza h zake. Ukiwa na shaka juu ya neno, fungua kamusi mbele yake, msibishane.

Kuhusu hofu yako ya kuchekwa, sidhani kama ni kubwa unavyoiona. Mtoto akizungumza uwanjani kama msoma habari wa redio atachekwa kweli, lakini hilo halitokani na kuijua sanifu. Linatokana na kukosa kujua mahali pake. Wewe mwenyewe mbele ya wazee kwenye kikao cha ukoo huongei kama unavyoongea na makonda pale stendi, wala hakuna aliyekuketisha kukufundisha tofauti hiyo. Nyumbani kwako iwepo saa moja ya Kiswahili cha kitabu, pengine baada ya chakula cha jioni, na saa nyingine zote umwache huru.

Kwa juma hili mpe kazi moja tu. Akusimulie alivyoitumia Jumamosi yake, nawe uandike neno kwa neno kama anavyotamka, pamoja na “iko” na “yenye” zake zote, bila kumkatiza. Kesho yake mpe karatasi hiyo aiandike upya, akitazama ngeli tu. “Nachezanga” ibaki kama ilivyo. Nitumie karatasi zote mbili kwa mtu yeyote anayekuja Moshi, nami nitakuandikia nikueleze ni ngeli zipi anazokosea zaidi. Nadhani zitakuwa zile za u- na za mahali, kwa maana hizo hata huku Kiboriloni zinatusumbua, lakini tungoje tuone.

Msalimie shemeji na watoto, na umwambie mpwa wako kwamba namsubiri likizo.

Wako,
Elirehema