Kabla Hujasema Visikizi Havina Besi, Angalia Vimpira

Lalamiko linalofika mezani kwetu mara nyingi kuliko mengine ni hili: "Upande wa kushoto umekufa besi." Mwenye kulileta huwa ameshaamua kwamba spika ya ndani imeungua, na anachoulizia ni bei ya visikizi vipya. Kabla ya kuuza chochote, tunamwomba avivae tuone. Mara nyingi spika ni nzima kabisa, ila kimpira kilicho mbele yake hakilingani na sikio la mtu huyo.

Tunazungumzia visikizi vya kuchomeka ndani ya tundu la sikio, vyenye kofia laini ya silikoni au ya sponji, viwe vya waya au visivyo na waya. Vile vya plastiki tupu vinavyokaa mlangoni mwa sikio havikuundwa kuziba, na hata ufanyeje besi yao itabaki nyembamba.

Spika ya kisikizi ni kitu kidogo, kwa kawaida upana wake ni kati ya milimita 6 na 12. Haiwezi kutikisa hewa ya chumba kama zile za sebuleni. Inachoweza ni kusukuma na kuvuta hewa kidogo iliyofungiwa kati yake na ngoma ya sikio, hewa isiyojaza hata nusu ya kijiko cha chai. Hewa hiyo ikifungwa vizuri, msukumo wote unaifikia ngoma, na hapo ndipo spika ndogo namna hiyo inapotoa besi nzito. Ukibaki upenyo, hewa inatoroka.

Ila haitoroki sawasawa kwa sauti zote. Chukua pampu ya baiskeli, ziba mdomo wake kwa kidole lakini usikaze. Ukisukuma polepole, hewa inapita pembeni mwa kidole na husikii ukinzani wowote. Ukisukuma kwa ghafla, kidole kinasukumwa, kwa sababu hewa haikupata muda wa kupita. Ndivyo ilivyo sikioni. Besi ya Hz 50 inasukuma mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo kila msukumo unadumu sehemu moja ya mia ya sekunde, muda wa kutosha hewa kuvuja. Mlio wa Hz 5,000, kama wa kayamba au matoazi, unasukuma na kuvuta kwa kasi mara mia ya hiyo. Upenyo mwembamba kama uzi hauufanyi kitu mlio huo. Ndiyo maana kisikizi kinachovuja hakisikiki kama kibovu. Sauti ya mwimbaji ipo, matoazi yapo, labda hata makali kupita kiasi, ila ngoma na gitaa la besi vimehama. Na kadiri upenyo unavyopanuka, ndivyo upotevu unavyopanda kutoka besi ya chini kabisa kwenda kwenye sauti za kati.

Njia ile ile ndiyo inayoingiza kelele za nje. Kimpira kinachoziba kinapunguza vizuri sauti za juu na za kati: konda anayepiga debe, sahani zinazogongana, watu wanaobishana kiti cha nyuma. Muungurumo wa injini ya daladala au jenereta ni mgumu zaidi kuuzuia, na upenyo ukiwepo huo ndio wa kwanza kuingia. Wenye visikizi vya kuzima kelele wanadhani jambo hili haliwahusu. Linawahusu zaidi. Mfumo ule unafanya kazi kwa kutengeneza sauti iliyo kinyume cha kelele, na kazi yake kubwa iko kwenye sauti za chini, takriban chini ya Hz 1,000. Ili kuufuta muungurumo inabidi utoe besi ya kinyume, na besi hiyo nayo inavuja kwenye upenyo ule ule. Mteja anasema kitufe cha kuzima kelele "hakifanyi kitu", kumbe kinafanya na kazi yake inamwagika.

Sasa ukubwa. Kwenye boksi unapata vimpira vya S, M na L, na visikizi vinakuja vimevalishwa M. Watu wengi hawafungui kabisa kile kifuko kingine. Herufi hizo hazina kipimo cha pamoja, M ya kiwanda kimoja inaweza kuwa karibu na L ya kingine, kwa hiyo usinunue vya akiba kwa herufi peke yake. Angalia milimita za upana wa nje, na angalia pia upana wa shingo ya kisikizi pale kimpira kinapovaliwa. Kimpira chenye tundu kubwa kuliko shingo kitabaki ndani ya sikio siku utakapochomoa.

Kidogo mno kinaeleweka: kinaingia bila kugusa kuta, hewa inapita pembeni. Tatizo ni kwamba kinapendeza, hakibani, hakiwashi, na mtu anakichagua kwa sababu hiyo hiyo. Ukivaa kisikizi ukasahau kabisa kwamba kipo, kitilie shaka.

Kikubwa mno ndicho kinachowashangaza watu, kwa sababu nacho kinavuja. Tundu la sikio si duara kama bomba. Ni la umbo la yai, na lina kona. Silikoni iliyozidi haina pa kwenda, inajikunja, na kila mkunjo ni mfereji mdogo kutoka ndani hadi nje. Ukikichomoa taratibu mbele ya kioo utauona mkunjo wenyewe, kama pindo la shuka lililokunjwa vibaya. Pia hakiingii ndani vya kutosha, kinakaa mlangoni na kurudi nyuma kidogo kidogo kila unapotafuna au kuzungumza.

Masikio mawili ya mtu mmoja si lazima yalingane. M kulia na L kushoto si kasoro, na hatuoni sababu ya mtu kuona aibu kuvaa hivyo.

Kabla ya kubadilisha chochote, hakikisha unavaa sawasawa. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, shika sehemu ya juu ya sikio na uivute taratibu juu na nyuma, maana hapo kona ya tundu inanyooka. Ingiza kisikizi kwa mkono wa upande ule ule ukikizungusha kidogo, kisha achia sikio likifunge. Kusukuma moja kwa moja bila kuvuta sikio ndiko kunakokunja hata kimpira cha saizi sahihi.

Kipimo tunachokiamini hakihitaji muziki wala simu. Vaa visikizi vyote viwili, vizime, kisha fumba mdomo na uvumishe "mmmm" kwa sauti ya chini. Sikio lililozibwa linafungia mtikisiko unaopita kwenye mifupa ya kichwa, na sauti yako inavuma kama uko ndani ya mtungi. Ukisikia "mmmm" iko katikati ya kichwa, masikio yote yameziba kwa kiwango kimoja. Ikiegemea kulia, kushoto kunavuja. Isipovuma popote, kote kunavuja.

Tumchukue yule wa kushoto kusiko na besi. Amevaa M pande zote, na "mmmm" inaegemea kulia. Tunamwomba aweke wimbo wenye besi anayoijua vizuri, kwa sauti ya wastani, kisha akibonyeze kisikizi cha kushoto ndani kwa kidole, taratibu. Besi ikijaa ghafla na ikatoweka anapoachia, jibu limepatikana: spika ni nzima, kimpira ndicho hakifiki. Tunaweka L upande huo tu. "Mmmm" inarudi katikati, besi inasimama pande zote. Kisha anafungua mdomo wote, anatafuna hewa, anageuza shingo, kwa sababu taya likicheza umbo la tundu linabadilika. Besi ikikatika kila anapofungua mdomo, L ya silikoni haitoshi na tunajaribu sponji.

Ikiwa kubonyeza hakubadilishi kitu, tunahamisha uchunguzi kwenye kisikizi chenyewe. Tunakitia sikio la kulia, lile linaloziba vizuri, kikiwa na kile kimpira kilichofanya kazi huko. Umbo lake halitakaa vizuri upande usio wake, kwa hiyo kishikilie kwa mkono. Besi ikikosekana hata hapo, kosa ni la kisikizi, na sasa ndipo maneno ya matengenezo au vipya yanapofaa. Lakini sauti yote ikiwa imefifia, si besi peke yake, angalia kwanza wavu mdogo wa mbele: mara nyingi umejaa nta ya sikio.

Sponji ina taratibu zake. Ibinye na kuiviringisha kwa vidole vikavu mpaka iwe nyembamba, iingize haraka, kisha shikilia kisikizi kwa sekunde 20 hadi 30 inapotanuka. Asiyeshikilia anaisukuma nje mwenyewe. Inafuata umbo la yai la sikio kuliko silikoni, hivyo inazuia kelele vizuri zaidi, ingawa inapunguza kidogo ukali wa sauti za juu. Inanyonya jasho na nta, haioshwi kwa spiriti, na ikianza kutanuka papo hapo badala ya polepole imekwisha. Kwa visivyo na waya, jaribu kufunga kifuniko cha boksi la kuchajia kabla hujalipa. Sponji ndefu inakinyanyua kisikizi, hakigusi pini, na asubuhi unakuta upande mmoja una asilimia 0. Silikoni ivue, ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, ikauke kabisa ndipo uirudishe.

Wenye AirPods Pro wana kipimo ndani ya iPhone: vaa zote mbili, ingia Settings, gusa jina la AirPods zako, kisha `Ear Tip Fit Test`. Inapiga muziki mfupi na kusikiliza kwa maikrofoni ya ndani kama besi imebaki sikioni. Hata ikisema sawa, fanya na ile ya kutafuna, maana simu inakupima ukiwa umetulia.

Kuna wanaotaka kumaliza shida hii kwa kuongeza besi kwenye simu. Upenyo unabaki pale pale, ila sasa spika inasukumwa kupita uwezo wake na inaanza kukwaruza. Wengine wanapandisha sauti yote, na hapo mwimbaji na matoazi vinapanda pamoja na besi isiyofika. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki, na zikifika 90 muda unashuka hadi saa 4. Kwenye daladala, bila kuziba, mtu anafika huko bila kujua.

Sikio linalouma, linalotoa usaha au lenye ngoma iliyotoboka lisizibwe kwa kimpira cha aina yoyote, hilo ni la daktari. Na ukiziba vizuri, honi ya bodaboda nayo hutaisikia, kwa hiyo ukivuka barabara chomoa upande mmoja.

Ukija dukani, njoo na visikizi pamoja na kile kifuko cha vimpira vilivyokuja navyo, hata kama hujawahi kukifungua. Saizi unayoitafuta inaweza kuwa imo humo.